Mteja Huyu Kaletwa na Nani?

Mwisho wa mwezi mwenye duka la mtandaoni anafungua kurasa tatu za matangazo. Ya Meta, wenye Facebook na Instagram, inamwambia imemletea mauzo 230. Ya Google inadai 140. Ya TikTok inadai 40. Akijumlisha anapata 410. Kisha anafungua orodha yake ya oda na kukuta mwezi mzima kauza mara 400 tu, na kati ya walionunua wamo watu anaowajua kwa majina, walioletwa na shemeji yake wa Tabata ambaye hajawahi kulipwa hata senti.

Tarakimu hizi nimezitunga. Tuseme ni duka la mashuka na mapazia la Dar es Salaam, linalouza kupitia tovuti yake na kuwapelekea wateja mzigo kwa bodaboda. Sura ya hesabu yenyewe sikuitunga. Aliyewahi kulipia matangazo katika majukwaa mawili kwa wakati mmoja ameshaiona: madai yanazidi mauzo, na hakuna jukwaa linaloeleza ni kwa nini.

Tumfuate mteja mmoja. Jumatatu anaona shuka za maua kwenye Instagram, anabofya tangazo, anaangalia bei, anafunga simu. Jumatano video ya duka lile lile inampitia TikTok, naye anaibofya pia. Ijumaa mshahara umeingia. Anaandika jina la duka kwenye Google, anabofya kiungo cha kwanza, ambacho nacho ni tangazo, na ananunua. Kwa kawaida Meta huhesabu ununuzi wowote uliotokea ndani ya siku 7 tangu mtu abofye tangazo lake, hivyo mauzo haya ni yake. TikTok nayo ina dirisha la siku 7, kwa hiyo inayadai vilevile. Google, ambayo dirisha lake la kawaida ni siku 30, ndiyo iliyobofywa mwisho, na yenyewe haina shaka hata kidogo. Oda ni moja, wadai ni watatu, na hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ameona kipande chake cha safari. Hana njia ya kuona kipande cha mwenzake, wala hana sababu ya kumtafuta.

Lipo na jambo jingine ambalo wenye maduka wengi hawalijui mpaka waambiwe. Katika mpangilio wa kawaida wa Meta, si lazima mteja abofye. Tangazo likimpita machoni na akanunua ndani ya siku moja, mauzo yanahesabiwa. Kwa mtu mgeni kabisa, huenda hilo ni haki. Lakini matangazo mengi hurushwa kwa watu walioshaweka bidhaa kwenye kikapu wakaacha kulipia, yaani wale ambao kesho yake wangerudi wenyewe. Ukiwaonyesha tangazo leo, kesho yake umevuna usichopanda. Katika Ads Manager kuna sehemu iitwayo Compare attribution settings, chini ya mpangilio wa safu. Hapo utaona kwa mtengano waliobofya na walioona tu. Katika duka letu la mfano, 80 kati ya zile 230 ni walioona tu. Siwezi kusema kwamba zote 80 ni hewa. Nasema tu kwamba mwenye duka hakujua kuwa zimo.

Isitoshe, tangu Apple ilipotoa iOS 14.5 Aprili 2021 na kuzilazimisha programu kumwomba mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuatilia, sehemu ya mauzo yanayoonyeshwa na Meta hukadiriwa kwa hesabu tu, hakuna aliyeyaona moja kwa moja. Ukurasa huo ambao wengi huusoma kama stakabadhi ya benki una makisio ndani yake.

Hapo ndipo watu hukumbuka njia ya zamani: kumuuliza mteja mwenyewe.

Dodoso la baada ya kununua ni swali moja tu. Linatokea kwenye ukurasa wa kumshukuru mteja, pale pale anapoambiwa oda yake imepokelewa. Pale ndipo mahali pake. Ukiliweka kabla ya malipo unamsumbua mtu aliyekwisha kufungua pochi, na wengine wataondoka. Ukimtumia kwa barua pepe siku tatu baadaye, wachache watajibu na wengi watakuwa wamesahau. Liulize kwa wateja wapya peke yao, maana mteja wa mwaka jana ukimuuliza alikusikia wapi atakujibu kwamba anakujua siku zote, na jibu hilo litaharibu hesabu.

Namna ya kuuliza ni kazi kuliko inavyoonekana. Ukiuliza “Umetupataje?”, wengi watakueleza njia waliyopita dakika tano zilizopita: “Nimewatafuta Google.” Hilo tayari unalijua, kwa sababu tovuti imeliandika. Unachotaka kujua ni kitu ambacho kompyuta haikukiona, kwa hiyo uliza hivi: “Mara ya kwanza kabisa ulisikia wapi habari za duka letu?” Toa majibu sita au saba ya kuchagua, yapangwe upya kwa kila mteja, kwa sababu jibu lililo juu huchaguliwa na wenye haraka hata kama si la kweli. “Nyingine” ibaki chini siku zote, na iwe na nafasi ya kuandika. Katika nafasi hiyo utakutana na vitu ambavyo hakuna jukwaa litakalokuambia kamwe: “nililala kwa dada Morogoro, nikapenda shuka zake”, “kikundi cha mama wa shule”, “bodaboda wenu aliniachia kadi”.

Ongeza pia mtego. Weka jibu moja ambalo unajua haliwezi kuwa kweli. Duka letu halijawahi kutangaza redioni, basi “Redio” imo kwenye orodha. Nitalirudia hilo.

Mwezi ule wateja wapya walikuwa 300. Walijibu 180. Kati yao 68 walisema rafiki au ndugu, 45 Instagram, 31 TikTok, 14 Google, 6 redio, na 16 nyingine. Mwenye duka akilinganisha na ile hesabu ya majukwaa atashika kichwa. Google inayodai mauzo 140 imetajwa na watu 14. Rafiki, ambaye hana ukurasa wa matangazo wala hatumi ankara, ndiye anayeongoza.

Wengi wakifika hapa hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza hutupa dodoso, akisema watu hawakumbuki. Wa pili hutupa majukwaa, akisema ni wezi. Wapo hata wanaochukua hesabu mbili hizo, wakazijumlisha na kugawa kwa mbili, jambo ambalo halina maana yoyote: ni kama kujumlisha umri wa mtoto na urefu wake. Dodoso linajibu mteja alilijua duka kutoka wapi. Jukwaa linajibu ni tangazo lipi lililoguswa karibu na siku ya kununua. Manufaa yako kwenye kuyaweka majibu yote mawili juu ya oda moja, kisha kutazama yanapoachana.

Kwa hilo majukwaa yenyewe hayakusaidii sana. Meta inakuambia ina mauzo 230, lakini haikupi orodha ya oda hizo moja moja. Lazima uwe na kumbukumbu yako. Kila kiungo unachotoa, kwenye tangazo au kwenye wasifu wa Instagram, kiwe na alama zake:

```
https://dukalako.co.tz/mashuka?utm_source=tiktok&utm_medium=cpc&utm_campaign=ramadhani
```

Mteja akiingia kwa kiungo hicho, alama zinabaki na mfumo wa duka unaziandika kwenye oda. Programu nyingi za kuendesha maduka hufanya hivyo bila kuombwa. Jibu la dodoso nalo linaandikwa kwenye oda ile ile. Sasa kila mstari una namba ya oda, njia ya mwisho aliyoingilia mteja, na alichosema kwa mdomo wake. Hamishia kwenye jedwali la kawaida, Excel inatosha.

Katika wale 180 waliojibu, 74 waliingia mara ya mwisho kupitia Google. Je, walisema nini? Waliosema Google ni 11 tu. 36 walisema rafiki au ndugu, na 13 walisema TikTok. Waliobaki wametawanyika. Ghafla mambo yanaeleweka. Mtu ameambiwa na dada yake, au ameona video, akalishika jina la duka. Siku ya kununua akaliandika kwenye Google kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kufika. Google imekuwa mlango, aliyemtuma mteja yuko kwingine.

Hili unaweza kulihakiki bila dodoso. Katika akaunti ya Google Ads kuna ripoti ya Search terms, inayoonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kubofya tangazo. Yakiwa ni “shuka za pamba bei” au “mapazia ya sebuleni”, Google inakuletea wageni, na kazi yake ni ya kweli. Yakiwa ni jina la duka lako, unalipia mtu ambaye alikuwa njiani kuja kwako.

eBay ililipima jambo hilo mwaka 2012. Iliacha kulipia matangazo yanayotokea mtu anapoandika jina la eBay kwenye injini za utafutaji za Yahoo na MSN, huku ikiendelea kulipia Google ili ipate cha kulinganisha. Karibu wageni wote waliokuwa wakiingia kwa tangazo waliendelea kuja kupitia matokeo ya kawaida yaliyo chini yake, bila malipo. Wanauchumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis waliuchapisha utafiti huo katika jarida la Econometrica mwaka 2015. Lakini duka letu si eBay. Ikiwa kuna jirani anayenunua tangazo kwa jina lako, au ikiwa tovuti yako haitokei juu mtu anapokutafuta, kuacha kulipia kunaweza kukugharimu. Ndiyo maana ni jambo la kujaribu, na nitaeleza jinsi.

Tuangalie TikTok, ambako tofauti inaelekea upande mwingine. Waliosema TikTok ni 31, lakini walioingia mara ya mwisho kwa kiungo cha TikTok ni 12 tu. Sababu si ngumu. Mtu anayetazama video saa tano usiku amelala kitandani habofyi, anaendelea kutelezesha kidole. Akibofya, ukurasa unafunguka ndani ya programu yenyewe, na kesho yake akirudi kwa Chrome anaonekana mtu mwingine kabisa, kwa sababu kumbukumbu za vivinjari hivyo viwili hazikutani. Safari ya iPhone imeongeza lake: tangu 2019 vidakuzi vingi vinavyowekwa na msimbo wa ukurasa hufutwa baada ya siku 7. Na shuka si soda. Mtu huona leo, akanunua baada ya wiki tatu, akipata mgeni wa kulala au mshahara.

Kwa hiyo mwenye duka anayesoma ukurasa wa TikTok peke yake ataona njia ghali isiyozaa. Ametumia Sh 300,000, ameambiwa mauzo 40. Dodoso linasema 31 kati ya 180. Ukipeleka uwiano huo kwa wateja wapya wote 300, unapata kama 52. Lakini usiishike 52 kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Kwa sampuli ya watu 180, jibu linaweza kuwa popote kati ya 35 na 68. Na dodoso halitenganishi tangazo ulilolipia na video uliyoitupia bure, wala ile ambayo mteja aliirekodi mwenyewe akitandika kitanda. Yeye anakumbuka TikTok, basi.

Meta ndiyo inayotulia. Kati ya 52 walioingia kwa tangazo la Meta, 31 walisema Instagram. Pale ambapo mashahidi wawili wasiojuana wanakubaliana, mimi ningeacha bajeti kama ilivyo na kwenda kushughulika na penye ugomvi.

Sasa ule mtego. Watu 6 walisema redio, na redio haikuwahi kuwepo. Labda wamechanganya duka hili na jingine, labda wamebonyeza tu ili ukurasa uondoke. Vyovyote vile, watu 6 kati ya 180 ni kama 3 kwa mia, na hicho ndicho kipimo cha kelele. Jibu lolote lililo karibu na hapo lisikufanye uhamishe pesa. Mwezi ambao redio itapata 15, acha kusoma majibu na uchunguze swali lenyewe: pengine majibu yameacha kupangwa upya na redio imekaa juu.

Linalonisumbua zaidi ni wale 120 walionyamaza. Hatujui wangesema nini. Lakini tunajua waliingiaje, kwa sababu alama za oda haziwahitaji wafungue mdomo. Katika waliojibu, oda zisizo na alama yoyote ni 42, kama 23 kwa mia. Katika walionyamaza ni 45, zaidi ya 37 kwa mia. Makundi mawili hayo hayafanani. Oda isiyo na alama mara nyingi ni ya mtu aliyepewa kiungo na mwenzake kwenye WhatsApp, au aliyeandika anwani mwenyewe. Na katika waliojibu, zaidi ya nusu ya wasio na alama, 23 kati ya 42, walisema rafiki. Basi inawezekana kabisa kwamba rafiki ana nguvu hata kuliko dodoso linavyoonyesha.

Ila huyo rafiki naye alijua wapi? Dada wa Morogoro aliyenunua shuka mwezi wa tatu, huenda aliziona Instagram. Tangazo moja limeleta wateja wawili, na la pili limeandikwa kwa jina lake. Ukisoma dodoso ukaamua kufuta matangazo yote na kutegemea midomo ya watu, midomo hiyo nayo itaanza kukauka baada ya miezi michache, na utashangaa. Kwa bidhaa ambayo wateja huonyeshana nyumbani, sijui dawa ya tatizo hili zaidi ya kuacha nusu ya nchi bila tangazo kwa muda mrefu na kutazama.

Tumezungumzia tovuti tu. Maduka mengi yetu huuza pia kwa mazungumzo: mteja anaandika WhatsApp, anatuma pesa kwa M-Pesa, mzigo unaondoka. Oda hiyo haipiti kwenye ukurasa wowote wenye kipande cha msimbo cha Meta au Google, kwa hiyo kwa majukwaa haikutokea, labda duka liirudishe lenyewe kwenye mfumo wao. Hapa swali la mdomo linabeba karibu mzigo wote. Msaidizi wa duka aulize kabla ya kuthibitisha oda, na si baada ya kuombwa punguzo: “Dada, samahani, mara ya kwanza shuka zetu uliziona wapi?” Kisha aandike maneno ya mteja kama yalivyotoka. Akiachiwa kutafsiri, kila mtu atakuwa “Insta”. Kwa kiungo kinachoanzisha mazungumzo unaweza hata kumtangulizia mteja sentensi ya kwanza:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimeona%20mashuka%20TikTok
```

Baadhi ya wateja watafuta sentensi hiyo na kuandika yao. Wanaoiacha wamekwisha kukuambia walikotoka.

Linabaki jaribio la Google. Anza na tangazo la jina la duka peke yake, ukiyaacha ya “shuka za pamba” yaendelee. Lisimamishe wiki mbili ambazo si za sikukuu, si za mwanzo wa Ramadhani wala Desemba, na zenye mwisho wa mwezi mmoja ndani yake ili mshahara uhesabiwe. Usibadilishe bei, usizindue rangi mpya. Usitazame ukurasa wa Google, ambao lazima utaonyesha kuporomoka, kwa sababu umeufumba jicho. Tazama jumla ya oda dukani, na watu wanaoingia kupitia matokeo ya Google yasiyolipiwa. Jumla ikibaki pale pale na matokeo ya bure yakipanda, ulikuwa unalipia mlango wako mwenyewe. Jumla ikishuka, andika jina la duka lako kwenye simu ya mtu mwingine uone ni nani anayetokea juu, kisha ulirudishe tangazo siku hiyo hiyo.